Shoti Mbili: Historia ya Breka, Unene wa Waya na Ethi

Nyumba ikiteketea, majirani husema ni shoti. Mtoto akigusa friji akarushwa nyuma, husema kapigwa shoti. Kiswahili cha mitaani kimelibebesha neno moja mambo mawili, na mkanganyiko huo umeingia hadi kwenye visanduku vya breka majumbani. Wengi wanaamini kwamba breka ikishafungwa ukutani, shoti zote mbili zimedhibitiwa. Historia inaonyesha vingine. Kinga dhidi ya moto ilitangulia, na kinga ya mwili wa binadamu ikachelewa kwa miongo mingi.

Juni 1882, jijini London, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme kilitoa kanuni zake za kwanza za kufunga nyaya. Kichwa cha kanuni hizo kilitaja jambo moja tu: kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Mtu kupigwa na umeme hakutajwa kichwani. Hofu ya wakati ule inaeleweka, kwani nyaya zilipita ndani ya mifereji ya mbao, katika majengo yaliyojaa mapazia na sakafu za mbao.

Dawa ya moto ilikuwa tayari imeanza kupatikana. Mwaka 1880 Thomas Edison alipewa hataza ya kipande cha waya cha usalama, ambacho ni babu wa fyuzi ya leo. Wazo lake ni jepesi: katikati ya njia ya umeme weka kipande dhaifu kuliko nyaya zote, ili mkondo ukizidi, kiyeyuke hicho kabla ya waya uliofichwa ukutani. Umeme ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, mwaka 1908 katika miji yote miwili, ulinzi wa nyumba bado ulikuwa huo wa fyuzi.

Fyuzi ya waya ina udhaifu mkubwa, nao unatokana na mkono wa mwenye nyumba. Ikiyeyuka usiku wa sikukuu na dukani hakuna nyingine, mtu huchomoa unyuzi wa shaba kutoka kwenye kebo kuukuu, au hutia msumari, na taa zinawaka. Kuanzia dakika hiyo kipande dhaifu kuliko vyote kimehama. Sasa ni waya wenyewe, ndani ya ukuta.

Mwaka 1924, mjini Mannheim, Ujerumani, Hugo Stotz alitoa kifaa kilichoziba mwanya huo. Breka yake ndogo iliweka walinzi wawili ndani ya ganda moja. Wa kwanza ni bamba la metali mbili zilizogandamana, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Mkondo ukizidi kidogo kwa muda mrefu, bamba hujipinda taratibu hadi likafyatua kitasa. Wa pili ni koili. Nyaya zikigusana ghafla, mkondo hupanda mara nyingi kwa pamoja, koili inakuwa sumaku kali na kukata papo hapo. Kisha mtu hurudisha kitasa kwa kidole, bila kugusa msumari wala unyuzi.

Hata hivyo, kazi ya breka ilibaki ileile aliyoikusudia Edison: kulinda waya usiungue. Kwa hiyo namba iliyochapwa usoni mwa breka haichaguliwi kwa kutazama heta au pasi peke yake. Ni lazima ilingane na waya uliotandazwa. Vilevile namba hiyo si mpaka mkali. Breka ya ampea 32 haikati zikifika 33. Viwango vya kimataifa vinaitaka ikate ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45 ya namba yake, yaani ampea 46 hivi. Chini ya hapo inaweza kuvumilia kwa muda mrefu, na waya hulazimika kuvumilia nayo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo yanavyoharibika. Chukua nyumba yenye paa la bati, na heta ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 24. Kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi bafuni, waya unapita ndani ya paipu juu ya dari, mita 20. Fundi ana roli la waya wa mbili na nusu, yaani milimita za mraba 2.5, lililobaki kwenye kazi ya soketi. Anautandaza na kuufungia breka ya ampea 20. Wiki ya kwanza breka inakata watu wakioga mfululizo asubuhi. Mwenye nyumba analalamika, fundi anarudi, anabandua ile ya 20 na kuweka breka iliyoandikwa C32. Lawama zinakwisha.

Kilichotokea hapo ni msumari ule ule wa zamani, ila umevaa ganda la plastiki. Waya wa 2.5 ndani ya paipu unaweza kubeba ampea 24 hivi hewa inayouzunguka ikiwa na nyuzi joto 30. Chini ya bati mchana wa kiangazi dari hufikia nyuzi 45 kwa urahisi, na hapo uwezo wa waya unashuka hadi ampea 19. Heta inadai 24. Gamba la kawaida la plastiki limetengenezwa kustahimili nyuzi 70. Kwa mzigo huo, waya ukiachwa ufanye kazi mfululizo unaweza kufika nyuzi 85, na breka ya 32 hainusi kitu, kwa sababu kwake ampea 24 ni mzigo wa kawaida kabisa.

Joto hilo linatoka kwenye shaba yenyewe. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa zaidi, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Katika safari ile ya mita 20 kwenda na 20 kurudi, waya wa 2.5 unageuza wati 170 kuwa joto ndani ya paipu. Waya wa 6 ungepoteza wati 70 tu. Ndiyo sababu jibu sahihi la nyumba hii ni waya wa 6 wenye breka ya 32: katika dari hilohilo la nyuzi 45 waya wa 6 bado unabeba ampea 32, kwa hiyo breka inakuwa na waya unaolingana nayo. Kupunguza gharama kwa kununua waya wa 4 kunawezekana, lakini hapo breka ishuke hadi 25, na hakuna nafasi inayobaki.

Dalili za waya uliozidiwa huja polepole. Taa hufifia heta inapowashwa. Kifuniko cha swichi ya heta kinakuwa vuguvugu, kisha kinapata rangi ya kahawia pembeni, na bafu linanuka kama plastiki iliyoachwa karibu na jiko. Fundi akiifungua swichi hiyo, gamba la waya lililokuwa laini limekakamaa na linakatika likikunjwa. Wakati mwingine dalili hizo zinatokana na skrubu iliyolegea, ambayo breka haiwezi kuigundua hata waya ukiwa mnene. Kwa vyovyote, breka kubwa zaidi si tiba.

Hayo yote ni habari ya shoti ya kwanza. Shoti ya pili ilianza kushughulikiwa kwa waya wa tatu, ule wa kijani na manjano uitwao ethi. Huo haubebi umeme siku za kawaida. Unaunganisha mwili wa chuma wa friji, pasi au heta na ardhi, ili waya wenye umeme ukigusa chuma, umeme upate njia nyingine mbali na mkono wa mtu.

Plagi ya miguu mitatu ya mraba inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania imebeba fikra hiyo katika umbo lake. Ilipangwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili na kamati ya watu 20, mwanamke akiwa mmoja tu, Caroline Haslett, aliyekuwa akiongoza chama cha wanawake cha masuala ya umeme na kusisitiza usalama wa nyumbani. Kiwango chake kilitoka mwaka 1947. Mguu wa ethi ni mrefu kuliko mingine ili ugusane kwanza, na ndio unaosukuma vifuniko vilivyoziba matundu mawili ya umeme. Anayechomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, amevifungua vifuniko hivyo bila ethi kuwapo.

Lakini ethi nayo ina mpaka wake, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapodanganyika. Fito ya shaba iliyopigiliwa uani hupitisha umeme kwa kadiri udongo unavyoruhusu. Tuseme njia nzima ya ardhini, kutoka kwenye fito hadi kurudi transfoma, ina ukinzani wa ohmu 50, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu. Umeme ukivuja kwenye mwili wa friji, mkondo unaopita ardhini ni 230 kugawanywa kwa 50, yaani ampea 4.6. Kwa breka ya ampea 20, hiyo ni kama mtu amechomeka pasi ya wati 1,000. Haikati. Friji linabaki na umeme mwilini likimsubiri wa kwanza kuligusa akiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Afrika Kusini, kwenye migodi ya dhahabu, tatizo hili lilikuwa la kila siku. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin, wa kiwanda cha vifaa vya umeme cha Fuchs, alibuni breka iliyofanya kazi kwa hesabu tofauti. Haikujali mkondo ni mkubwa kiasi gani. Ilipitisha nyaya zote, za kwenda na za kurudi, ndani ya duara moja la chuma, na ikiwa kilichokwenda hakikurudi chote, ikakata. Breka ya mgodini ilikata kwa uvujaji wa miliampea 250. Baadaye mwanamke mmoja alifariki kwa kifaa kibovu cha nyumbani huko Stilfontein, mji wa wachimba dhahabu, na kati ya 1957 na 1958 breka mia kadhaa za kukata kwa miliampea 20 hivi zikafungwa katika nyumba za hapo.

Udogo wa namba hiyo una sababu. Marekani, Charles Dalziel wa chuo kikuu cha Berkeley alikuwa amewapima watu waliojitolea, akaona kwamba kwa wastani mwanamume hushindwa kuachia waya mkondo ukifika miliampea 16, na mwanamke 10 na nusu hivi. Misuli ya kiganja hujikunja na kung'ang'ania. Breka za aina hiyo za majumbani leo, ambazo mafundi huziita RCD, hukata zikiona miliampea 30 zimepotea, kabla thuluthi ya sekunde haijaisha. Kwenye nyumba yetu ya ohmu 50, miliampea 30 hazileti hata volti mbili kwenye friji.

RCD hutambulika kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kikibonyezwa, kitasa kinapaswa kushuka mara moja na taa kuzimika; kisiposhuka, kifaa kimekufa na kinabadilishwa. Kitufe hicho hakipimi fito ya uani. Hiyo hupimwa na fundi mwenye mashine ya ohmu, na siku nzuri ya kumwita ni mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijanyesha, udongo ukiwa mkavu na namba ikiwa juu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.