Warsha za kujitathmini udhibiti wa ndani

Warsha ya kujitathmini udhibiti wa ndani ni kikao ambacho wafanyakazi wa kitengo kimoja, au wa vitengo vinavyopokezana kazi moja, hupima wenyewe kama taratibu zao zinazuia makosa, hasara na wizi. Utaratibu huu ulianzia Kanada mwaka 1987, katika idara ya ukaguzi wa ndani ya kampuni ya mafuta ya Gulf Canada. Mkaguzi wa ndani huendesha kikao, lakini tathmini ni ya wafanyakazi, na wajibu wa kurekebisha kasoro hubaki kwa menejimenti.

Maandalizi huanza kwa kuchagua lengo moja la kazi, kwa mfano kulipia bidhaa zilizopokelewa kweli. Mkaguzi huzungumza faragha na watu wachache wanaoifanya kazi hiyo, kisha huandika kauli fupi zitakazopigiwa kura ya siri kwa alama 1 hadi 5. Siku ya warsha mkaguzi mmoja huwa mwezeshaji na mwingine huandika yanayosemwa bila kutaja wasemaji. Mkuu wa kitengo hufungua kikao na kutoka. Akibaki, mara nyingi wadogo husubiri aseme kwanza, na kura za siri zitapingana na mazungumzo ya wazi.

Tuchukue mfano wa chuo chenye bohari kuu. Wamekaa watu 12, wanne wa bohari, wanne wa uhasibu na wanne wa ununuzi, na kauli iliyo mbele yao inasema kwamba mzigo huhesabiwa kabla ya hati ya kupokelea kusainiwa. Wastani wa kura ni 3.25, alama ambayo mkaguzi mwenye haraka angeiita ya kuridhisha. Lakini kura zikitenganishwa kwa idara, wahasibu wametoa wastani wa 4.5, ununuzi 3.75, na bohari 1.5. Wanaoushika mzigo kwa mikono ndio wasioiamini kauli hiyo.

Hapo ndipo kazi ya mwezeshaji inapoanza. Haulizi nani amekosea, anauliza mzigo unapoingia getini jioni kinafanyika nini. Mtunza bohari mmoja anaeleza kwamba dereva wa mzabuni hataki kulala na lori, kwa hiyo idadi hunakiliwa kutoka hati ya mzabuni kwenda hati ya kupokelea, na kuhesabu huachwa hadi kesho yake. Wahasibu wanashtuka. Wao hulinganisha hati ya agizo, hati ya kupokelea na ankara kabla ya kulipa, na siku zote huziona zikikubaliana. Lazima zikubaliane, maana hati ya kupokelea na ankara zimetoka kwenye karatasi za mzabuni yuleyule.

Maelezo hayo bado si ushahidi wa ukaguzi. Baada ya warsha mkaguzi huchukua sampuli, tuseme hati 25 za kupokelea, na kulinganisha saa za rejista ya getini na tarehe za kuingiza mali kwenye kadi za bohari. Pengo la siku moja au mbili likijirudia kwa mizigo ya jioni, madai ya bohari yamepata uzito.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika 9 Januari 2025 vinataka mpango wa ukaguzi utokane na tathmini ya vihatarishi iliyoandikwa, inayofanywa angalau kila mwaka. Matokeo ya warsha huingia humo, ila si kwa kupeleka wakaguzi kila penye alama ndogo. Pale ambapo wote wamekiri udhaifu, kutumia siku za ukaguzi kuugundua upya ni hasara. Panahitaji mpango wa marekebisho wenye mhusika na tarehe, kisha ufuatiliaji. Pale ambapo wote wametoa alama za juu, mkaguzi hujaribu sampuli ndogo. Pale ambapo kura zimegawanyika kwa idara, kihatarishi hupandishwa daraja. Katika chuo cha mfano wetu, siku zilizopangwa kukagua hati za malipo uhasibuni zingehamishiwa kwa sehemu kubwa getini na boharini, na mkaguzi mkuu wa ndani angepeleka badiliko hilo kwenye kamati ya ukaguzi likiwa na sababu zake.

Mwezeshaji hawezi kuahidi usiri usio na mpaka. Hutangaza mwanzoni kwamba majina hayataandikwa, lakini taarifa ya wizi ikitolewa itapelekwa panapohusika. Na pale ambapo wizi unashukiwa tayari, warsha haifai kabisa: wahusika watakuwa wameketi humo ndani, na kufikia asubuhi kadi na rejista zinaweza kuwa zimeandikwa upya.