Risiti ya LUKU: elfu kumi ileile, uniti tofauti. Nani kaibiwa?

Wadau, kuna picha tatu za risiti za LUKU nimeletewa kwenye simu na jamaa mmoja mpangaji. Zote ni za Machi 2024, mita moja, na kila moja imelipiwa shilingi 10,000. Ya kwanza ilitoa uniti 69.7, ya pili 27.2, ya tatu 23.4. Ile ya tatu ndiyo yake. Nyumba ina wapangaji watatu wanaonunua umeme kwa zamu, na yeye alishaamua kwamba kijana wa dukani aliyemnunulia kamla hela. Walikuwa wanajiandaa kumpeleka serikali ya mtaa. Nikamwambia subiri kwanza ndugu yangu, tupige hesabu.

Mita ile ipo kundi la D1, la wateja wa matumizi madogo. Kwa bei za TANESCO zilizoanza Aprili 2016, mteja wa D1 ananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Ikizidi hapo, kila uniti ni shilingi 350. Walio kundi la T1, yaani majumba mengi ya kawaida na biashara ndogo, hawana ngazi: ni shilingi 292 tangu uniti ya kwanza mpaka ya mwisho.

Juu ya bei hiyo kuna makato matatu, yote yameandikwa kwenye risiti: VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya shilingi 100 inakutoka mfukoni kwa 122, na ile ya 350 inakutoka kwa 427. Shika hizo namba mbili tu, 122 na 427, nyingine zote zinatoka humo.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kwenye risiti inasomeka `Debt Collected`. Picha ya kwanza niliyotumiwa ilikuwa imekatwa chini, mstari huo haukuonekana kabisa, hesabu ikawa inagoma. Ilibidi niombe ipigwe upya. Kwa hiyo ukipiga picha, chukua karatasi nzima, na angalia vizuri nukta: karatasi zile zikififia 69.7 inaweza kusomeka 697.

Haya, twende kwenye risiti zenyewe.

Ya kwanza ni ya tarehe 1. Kati ya 10,000 toa 1,500 ya jengo, inabaki 8,500. Mwezi umeanza upya, uniti zote bado ni za bei ya chini, kwa hiyo 8,500 gawanya kwa 122 unapata 69.67. Risiti inasema 69.7. Sawasawa.

Ya pili ni ya tarehe 18, na hapa ndipo watu wanapopotea. Katika zile 75 za bei rahisi zilibaki 5.3 tu. Hizo 5.3 mara 122 ni shilingi 646.60. Inayobaki, 9,353.40, yote inanunua kwa 427: unapata 21.9. Jumlisha na 5.3, jumla 27.2. Nayo iko sawa.

Ya tatu ni ya tarehe 25. Bei rahisi imekwisha kabisa. 10,000 gawanya kwa 427 ni 23.42, risiti inasema 23.4. Kumbe kijana wa dukani hajagusa hata senti!

Ukitaka kujua umenunua kwa ngazi gani bila kuwa na risiti za wenzio, chukua namba iliyo kwenye `Cost` ugawanye kwa uniti. `Cost` ni hela ya umeme mtupu kabla ya makato. Kama huioni vizuri, itafute hivi:

```
Cost = (kiasi ulicholipa - Debt Collected) / 1.22
```

Kwa risiti ya tatu `Cost` ni 8,196.72. Gawanya kwa 23.4, unapata 350.29. Hiyo ni ngazi ya juu. Ya kwanza inatoa 99.96, yaani ngazi ya chini. Ya pili inatoa 301.35, na hapo usije ukasema umebadilishiwa bei: ni manunuzi yaliyovuka mstari wa 75, nusu huku nusu kule. Ukipata kama 292, mita yako ni T1. Hayatui kamili kwa sababu uniti zinaandikwa kwa desimali moja. Kwenye manunuzi madogo tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mtu wa ngazi ya juu akinunua umeme wa 1,000 anapata 2.3, na ukigawanya inatoka 356. Bado hajaibiwa.

Sasa lini uulize? Ukiona ndiyo mara ya kwanza mwezi huu kununua, mita ni D1, na hesabu inatoa 350. Kabla hujagomba, uliza kama kuna mtu mwingine ameshanunua kwa namba hiyo ya mita, maana mfumo unahesabu mita, haujui nani kalipa. Ukiona hesabu inatoa 292 na mwezi jana ilikuwa 100, mmehamishwa kwenda T1, jambo linalowapata wa D1 wakizidi kutumia zaidi ya 75. Na kama ulimpa mtu 10,000 lakini kiasi kwenye risiti ni 9,500, hapo muulize aliyekununulia, siyo TANESCO.

Nikarudi kwa wale wapangaji. Nyumba nzima ilipata uniti 120.3 kwa shilingi 30,000. Wangekuwa T1, baada ya kutoa 1,500, wangepata 80 tu, kwa hiyo kama nyumba wamefaidi sana. Tatizo ni zamu. Wanatumia kama uniti nne kwa siku, kwa hiyo wa kwanza umeme wake ulikaa siku 17, wa tatu haukufika hata siku sita, na wote wametoa hela sawa. Nimewashauri wachange wote tarehe 1, wanunue mara moja. Uniti zitakuwa zilezile, ila hakuna wa mwisho. Ile 1,500 wazungumze na mwenye nyumba, maana kodi ya jengo ni ya mwenye jengo.

Na mkiishiwa tarehe 30 usiku, msinunue wa elfu kumi. Nunueni wa 1,000 tu, hizo 2.3 ziwavushe. Tarehe 1 hesabu inaanza upya, na bei inarudi 122.