Ijumaa ya tarehe 13

Ijumaa ya tarehe 13 ni siku ya kalenda ya Gregori inayotokea katika kila mwezi unaoanza Jumapili: tarehe 1 ikiwa Jumapili, tarehe 8 nayo ni Jumapili, na siku tano baadaye ni Ijumaa. Hakuna mwaka unaoikosa.

Uthibitisho wake unahitaji miezi saba tu, Mei hadi Novemba. Mwezi wa siku 30 una wiki nne na siku mbili za ziada, hivyo mwezi unaoufuata huanza siku mbili mbele katika wiki. Wa siku 31 husogeza mwanzo huo kwa siku tatu. Mwaka 2026, Mei ilianza Ijumaa. Kutoka hapo Juni huanza Jumatatu, Julai Jumatano, Agosti Jumamosi, Septemba Jumanne, Oktoba Alhamisi na Novemba Jumapili. Siku zote saba za wiki zimepatikana, kila moja mara moja, na Ijumaa inayotafutwa ni Novemba 13.

Mei ikianza siku nyingine, miezi yote saba husogea pamoja, na mmoja wao lazima uangukie Jumapili.

Mwaka mrefu haubadilishi hoja hii, kwa kuwa Februari 29 hupita kabla ya Mei. Januari hadi Aprili na Desemba huweza kuongeza nyingine, lakini mwaka hauzidi tatu: 2025 ulikuwa na moja, ya Juni, ilhali 2026 una tatu, za Februari, Machi na Novemba.