Si Urudiaji, ni Kujisaili kwa Kupisha

Katika orodha moja ya istilahi za elimu nimekuta “urudiaji wa nafasi”, jina walilolipa zoezi la mwanafunzi kujipima kwa kumbukumbu kila baada ya siku kadhaa. Nafasi gani hiyo inayorudiwa? Ya kazi, au ya kukaa? Wanakamati walioipitisha, nadhani, ni siku nyingi hawajajiandaa kwa mtihani usioruhusu daftari.

Hata hivyo “nafasi” ni kosa dogo. Kubwa ni “urudiaji”, kwani mwanafunzi akiambiwa arudie hufungua daftari na kulisoma upya, na hilo ndilo tunalomkataza. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha majaribio ya wanafunzi waliopewa vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuvitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki 1, waliongoza waliojipima.

Ndiyo maana nashikilia “kujisaili kwa kupisha”. Kusaili kumetoka katika shina la Kiarabu lililotuzalia swali, suala na masuala, na hakuna aliyewahi kuitwa kwenye usaili wa kazi asijue kwamba atatakiwa kujibu. Kupisha ni neno letu la Kibantu, limenyambuliwa kutoka kupita: tunampisha mtu njiani, tunapisha siku mbili ndipo tunarudi shambani. Msomi mmoja, ambaye barua zangu hazijibu, anapendelea “udurusu”. Kudurusu, ndugu wa darasa na madrasa, kunamfaa mwenye kitabu wazi mbele yake.

Kujisaili huko huanzia kwenye kuandika swali linalofaa. Tuchukue sentensi ya daftari la fiziolojia: “Seli beta za kongosho hutoa insulini glukosi ya damu inapopanda.” Ukiuliza tu ni seli zipi hutoa insulini, utakariri sentensi, na mtihani ukigeuza swali utakwama. Andika hivi kwenye kadi: “Mgonjwa ambaye seli beta zake zimeharibika, glukosi yake itakuwaje baada ya mlo, na kwa nini?” Nyuma ya kadi weka jibu: itapanda na kukawia kushuka, kwa kuwa bila insulini misuli na mafuta huchukua glukosi kidogo mno, na ini huendelea kuimwaga kwenye damu.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatosha. Somo likiwa Jumatatu, jisaili Jumanne, kisha Ijumaa, kisha Ijumaa inayofuata, halafu pisha wiki mbili. Ukikosea, kadi hiyo irudi kesho yake na ianze safari upya. Ukipatia kila kadi bila kusita, umepisha siku chache mno. Ukikosa karibu zote, umepisha mno. Jibu liandikwe kabla ya kugeuza kadi. Anayeisoma, akasema moyoni “hii naijua”, akaigeuza, amerudia tu, hajajisaili.