Uwezo wa mkondo wa kebo na vizidishi vyake

Kebo ya shaba yenye eneo la mkato la 95 mm² haina idadi moja ya ampea inayoweza kubeba. Kinachoiwekea mpaka ni joto. Kihami cha PVC kimetengenezwa kivumilie mfululizo nyuzi 70 za Selsiasi, kile cha XLPE nyuzi 90. Mkondo unapopita, shaba huzalisha joto, na joto hilo lazima lipenye kihami, gamba la nje na udongo mpaka lifike juu ya ardhi. Uwezo wa mkondo ni ule mkondo ambao joto linalozalishwa na joto linalotoka vinalingana wakati shaba imefika hasa kwenye kikomo cha kihami chake. Ukibadilisha mahali kebo ilipolala, namba nayo inabadilika.

Ndiyo maana jedwali lolote la kuaminika hutaja masharti yake. Kiwango cha kimataifa IEC 60364-5-52 huchukulia udongo wenye nyuzi 20 na ukinzani-joto wa 2.5 K·m/W, kebo ikiwa peke yake mtaroni. Masharti yako yakiwa tofauti, unazidisha namba ya jedwali kwa namba nyingine. Wapo wanaoiita kizidishi cha kupunguza. Mimi nashika kizidishi cha kurekebisha, kwa kuwa hakipunguzi kila mara: kebo iliyofukiwa moja kwa moja katika udongo wenye unyevu, wenye ukinzani-joto wa 1 K·m/W, hupewa 1.5. Aliyezoeshwa kupunguza tu ataidhania 1.5 kuwa kosa la uchapaji.

Tuchukue kebo tatu za XLPE, kila moja ikihitajika kubeba ampea 160 kwenda kwenye jengo lake, zote zimefukiwa katika mtaro mmoja wa mchanga mkavu. Udongo una nyuzi 30, na ukinzani-joto wake ni 3 K·m/W. Jedwali linaipa kebo ya 95 mm² ampea 226, na fundi mwenye haraka angeishia hapo.

Halijoto inakuja kwanza. Nafasi ya kupanda hadi nyuzi 90 imepungua kutoka nyuzi 70 hadi 60, na kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo, kizidishi ni kipeuo cha pili cha 60/70, yaani 0.93. Mchanga mkavu unatupa 0.90, kwa sababu hewa iliyo kati ya punje zake hupitisha joto vibaya kuliko maji. Kinachouma zaidi ni mrundikano: kebo tatu zinazogusana hupata 0.65, kwani kila moja inapasha udongo ambao jirani yake angetolea joto. Zidisha vyote vitatu upate 0.544. Zile ampea 226 zimebaki 123.

Ukizilaza zikigusana hivyo, 150 mm² nayo haitoshi, maana inaishia ampea 156. Itabidi ununue 185 mm². Lakini ukipanua mtaro na kuacha nafasi ya 0.25 m kati ya kebo na kebo, kizidishi cha mrundikano kinapanda hadi 0.80, na 120 mm² inabeba ampea 172. Mara nyingi kuchimba zaidi ni nafuu kuliko kununua shaba zaidi.

Kosa ninaloliogopa ni kuchanganya majedwali. Katalogi nyingi za Uingereza huanzia kwenye udongo wa nyuzi 15 na ukinzani-joto wa 1.2 K·m/W. Ukichukua ampea za katalogi hiyo ukazizidisha kwa ile 0.90 ya IEC, umeipa kebo uwezo ambao haina, wakati hesabu inaonekana safi kabisa kwenye karatasi.

Tena udongo haubaki ulivyopimwa. Kebo yenye mzigo mkubwa hufukuza unyevu unaoizunguka, ukinzani-joto unapanda, kebo inazidi kupata joto, na udongo unazidi kukauka. Mwaka 1998 huko Auckland, New Zealand, katika kiangazi cha joto na ukame, kebo kuu nne za kilovolti 110 zilizolisha katikati ya jiji ziliharibika moja baada ya nyingine, na eneo hilo likakosa umeme kwa wiki kadhaa. Uwezo wa kweli wa kebo hizo ulikuwa chini ya ule uliotegemewa.

Kwa hiyo pima udongo kwa sindano ya kupimia ukinzani-joto, kwenye kina kilekile cha kebo, mwishoni mwa msimu wa ukame na si baada ya mvua. Pima pia pale njia inapopita kwenye kifusi, au karibu na bomba la maji moto, hata kama ni mita chache tu. Kipande chenye joto kuliko vyote ndicho kinachopanga ampea za kebo nzima.