Namna ya kugeuza lekcha iliyorekodiwa kuwa kadi na maswali ya mtihani: mfano wa somo la Ngorongoro

Wanafunzi wengi wanaosomea uongozaji watalii Karatu wana lekcha zimejaa kwenye simu. Mwalimu anaongea saa nzima kuhusu Ngorongoro, simu iko mezani inarekodi, na jioni programu ya kuandika kwa sauti inatoa maandishi kurasa kibao. Mtihani ukikaribia, mwanafunzi anafungua yale maandishi na kuyasoma mwanzo hadi mwisho mara tatu. Anajiona yuko vizuri. Akifika kwenye chumba cha mtihani anaulizwa mwaka, anakumbuka kabisa kwamba aliuona mahali fulani, ila haupati.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka karibu asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Hapo ndipo kadi za maswali zinapopata kazi, kwa sababu kadi humlazimisha mtu kulitoa jibu kichwani kabla ya kuligeuza na kuliona.

Lakini kadi nzuri haitoki moja kwa moja kwenye maandishi ya simu. Kuna kazi ya kufanya kwanza.

Kusafisha maandishi kabla ya kuandika kadi

Programu ya kuandika kwa sauti huandika inachodhani imesikia. Darasa la uongozaji watalii linaichanganya zaidi, maana mwalimu huongea Kiswahili, anatupia Kiingereza, halafu anataja majina ya Kimaasai na Kiiraqw. Oldupai inaweza kutoka kama "ole Dubai". Laetoli inaweza kukatwa vipande vitatu visivyo na maana yoyote.

Hayo ya majina si hatari sana, kwa sababu yanaonekana kwa macho. Hatari iko kwenye namba. "Mia sita" ikisikika vibaya inakuwa "mia na sita", na "milioni tatu nukta sita" inaweza kuandikwa 36. Sentensi bado inasomeka vizuri, hivyo hakuna anayeshtuka. Mwanafunzi akiandika kadi kutoka hapo atajifunza kosa kila siku kwa bidii, na siku ya mtihani atalijibu bila wasiwasi wowote.

Kwa hiyo kila namba na kila jina litakaloingia kwenye kadi lirudiwe kwenye sauti yenyewe. Si lazima kusikiliza lekcha nzima upya. Inatosha kuandika dakika pembeni ya kifungu wakati wa kupitia, kwa mfano 23:40, kisha kurudi hapo tu. Kama sauti nayo haieleweki, kwa sababu kulikuwa na mvua kwenye bati au mtu alikohoa, namba hiyo itafutwe kwenye noti za mwalimu au kitabu. Kukisia hakuruhusiwi hapa.

Saa nazo zina mtego wake. Mwalimu akisema "saa kumi na mbili asubuhi" na mtihani uko kwa Kiingereza, kadi iandikwe 6:00. Simu yenyewe ikiandika 12:00, kosa hilo halitaonekana hadi mtu alikariri.

Kifungu kimoja, kadi nne

Chukulia maandishi yaliyosafishwa yanasomeka hivi:

"Sasa sikilizeni, hii huwa inaulizwa. Ngorongoro ilikuwa mlima mkubwa wa volkano. Ulipolipuka, ile miamba iliyoyeyuka ikatoka chini, juu kukakosa kitu cha kushikilia, kukaporomoka ndani. Ndio maana tunasema kaldera. Kina chake kama mita mia sita, sakafu kama kilometa za mraba mia mbili sitini. Na maji yakishaingia kule chini hayana pa kutokea, ndio mnaona Ziwa Magadi lina chumvi."

Kishawishi cha kwanza ni kuandika kadi moja: "Eleza kaldera ya Ngorongoro", na nyuma yake kubandika kifungu chote. Kadi hiyo haifai. Mtu atakumbuka nusu ya jibu, atajiambia "nimepata", na ile nusu aliyosahau itabaki imejificha humo. Kadi iulize kitu kimoja ambacho jibu lake ama lipo ama halipo.

Kifungu hiki kinatoa kadi nne. Ya kwanza inauliza kwa nini sehemu ya juu ya mlima iliporomoka, na jibu lake ni kwamba miamba iliyoyeyuka iliyokuwa chini ilitoka, ikaacha nafasi wazi. Ya pili inauliza kina, yaani mita 600 hivi. Ya tatu inauliza ukubwa wa sakafu, kilometa za mraba 260 hivi. Ya nne inauliza kwa nini Ziwa Magadi lina chumvi: maji hayana njia ya kutoka, yanakauka kwa jua, chumvi inabaki. Tazama kwamba hilo la jua mwalimu hakulisema. Alisema maji hayana pa kutokea akaishia hapo, kwa hiyo mwandishi wa kadi ndiye aliyejaza pengo. Mapengo kama haya yapo katika kila lekcha, kwa sababu mtu anayeongea huruka hatua ambazo kwake ziko wazi.

Neno "hivi" nalo lisiachwe. Mwalimu alisema "kama mita mia sita". Kadi ikisema 600 kamili, mwanafunzi akikuta 610 kwenye kitabu ataona mmoja wao kadanganya.

Maneno "hii huwa inaulizwa" ndiyo dhahabu ya maandishi ya lekcha. Noti zilizochapwa hazina kitu hicho. Ni vizuri kutafuta kwenye maandishi maneno kama "sikilizeni", "narudia", "msichanganye" na "wageni huuliza", na kuanzia kadi hapo. Hadithi za safarini, salamu na matangazo ya ada vyote vinaachwa. Lekcha ya saa moja ikizaa kadi 25 hadi 30 inatosha. Zikifika 80, mwandishi amekuwa akinakili tu.

Maswali ya kuchagua jibu

Ubora wa swali la kuchagua unategemea majibu yake mabaya. Swali kama "Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilitenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka gani?" likiwekewa 1820, 1959, 1600 na 2023, hata asiyesoma atapata. Majibu mabaya yatoke kwenye lekcha hiyohiyo, yawe vitu ambavyo mtu anaweza kweli kuvichanganya:

A. 1951
B. 1959
C. 1979
D. 2010

Kila mwaka hapo una habari yake. Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa, na Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka 1959 zilitenganishwa, na Ngorongoro ikawa eneo ambalo wafugaji wa Kimaasai waliruhusiwa kuishi pamoja na wanyamapori. Mwaka 1979 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya asili yake, na mwaka 2010 ikaongezwa sifa ya utamaduni. Nyuma ya swali yaandikwe yote manne, ili anayekosea ajue alichanganya na nini. Akichagua 1979, shida yake si kutojua, ni kuchanganya kuanzishwa na kutambuliwa na UNESCO, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Mwaka 1959 wenyewe una mtego mwingine. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus huko Oldupai. Kadi yenye swali "Nini kilitokea 1959?" ina majibu mawili sahihi, kwa hiyo ni kadi mbovu. Ziandikwe mbili, kila moja ikitaja tukio na kuuliza mwaka.

Swali jingine linaloangusha wengi ni nani anasimamia Ngorongoro. Wengi hujibu TANAPA kwa mazoea, kwa sababu TANAPA ndiyo inayosimamia hifadhi za taifa. Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Ina mamlaka yake, NCAA. TANAPA basi ndilo jibu baya linalofaa kabisa kuwekwa kwenye swali hilo.

Kuhusu viingilio na kanuni za geti, kadi iandikwe tarehe ya lekcha kwenye kona. Bei hubadilika, na rekodi ya mwaka juzi haijui hilo.

Kuziingiza kwenye simu

Programu ya Anki, ambayo kwenye Android inaitwa AnkiDroid, ni ya bure na ikishapakuliwa inafanya kazi bila bando. Kadi zinaandikwa kwenye faili la maandishi, kila kadi mstari wake, swali na jibu vikitenganishwa na nukta-mkato:

```
#separator:Semicolon
Kina cha kaldera ya Ngorongoro ni kama mita ngapi?;600 hivi
Nani anasimamia Ngorongoro?;NCAA
Serengeti na Ngorongoro zilitenganishwa mwaka gani?;1959
```

Faili likihifadhiwa kama `kadi.txt`, linaingizwa kupitia `Import`. Kinachokwamisha mara nyingi ni nukta-mkato iliyojificha ndani ya jibu lenyewe: programu hudhani hapo panaanza sehemu nyingine, na jibu linakatika katikati. Dalili yake ni kadi yenye jibu lisilo na mwisho. Dawa ni kutumia koma ndani ya majibu.

Asiye na nafasi kwenye simu anaweza kutumia karatasi za daftari zilizokatwa na bahasha tatu, njia iliyotangazwa na Sebastian Leitner miaka ya 1970. Kadi zote zinaanzia bahasha ya kwanza, inayopitiwa kila siku. Ukipatikana jibu, kadi inahamia ya pili, ya kila siku tatu, kisha ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Kadi iliyokosewa inarudi ya kwanza hata kama ilishafika ya tatu.

Kadi inayorudi bahasha ya kwanza mara nne au tano haihitaji kurudiwa zaidi, inahitaji kuandikwa upya. Mara nyingi swali lake linauliza vitu viwili, au linafanana mno na kadi nyingine. Au namba yake haikuwahi kukaguliwa kwenye sauti, na mwanafunzi alisikia namba tofauti darasani; basi arudi dakika ya 23:40 asikilize tena.