Utangulizi wa reportaji: namna ya kujua sekunde zake mbele ya kuingia studio

Jurnali ya asubuhi katika redio moja ambako nilianza kazi ilikuwa inaisha saa moja kamili. Haikuwa saa moja na sekunde kumi. Saa moja kamili ordinateri ilikuwa inafungua yenyewe satelite, na habari za redio kubwa zinaingia, hata kama wewe uko bado unasema. Siku moja, wakati wa kipindupindu, tulikuwa na reportaji nne na tangazo moja la mwisho: majina ya mitaa ambako maji ilikuwa inatiwa klori siku ile. Tulipanga kila kitu kwenye karatasi na kwenye karatasi hesabu ilikuwa sawa. Lakini satelite ilikata tangazo kwenye jina la mtaa wa pili. Asubuhi nzima watu walikuwa wanapiga simu kuuliza mitaa mingine ni gani.

Reportaji hazikuwa na kosa. Zilikuwa zimerekodiwa, na muda wake unaonekana kwenye ordinateri mpaka sekunde ya mwisho. Dakika yetu ilipotelea kwenye lansema, ni kusema yale maneno ya utangulizi ambayo mtangazaji anasoma mbele ya sauti ya reportaji kuanza. Kila lansema tuliiandikia sekunde 15. Kila moja ilichukua karibu sekunde 30. Mara nne, unaona mwenyewe: dakika moja imekwenda.

Sekunde 15 zile zilitoka wapi? Zilitoka kwenye hesabu ambayo wengi wetu tulifundishwa katika mafunzo ya kifaransa: mtangazaji anasoma maneno 180 kwa dakika. Unahesabu maneno ya lansema, unagawanya kwa 180, unazidisha mara 60, unapata sekunde. Hesabu yenyewe haina shida. Shida ni ile 180, sababu inahesabu maneno ya kifaransa, na sisi tunasoma kiswahili.

Neno la kiswahili linabeba mizigo mingi. Chukua neno «hawatawaambia». Ndani yake kuna wale wanaosema, kuna kukataa, kuna wakati ujao, kuna wale wanaoambiwa, na kuna tendo lenyewe. Yote ni neno moja. Kwa kifaransa, kusema jambo lile lile kunaomba maneno matano. Kwa hiyo mtu anayesoma kiswahili kwa mwendo ule ule wa mdomo anamaliza maneno machache zaidi katika dakika, na si kwamba yeye ni mzito. Mimi nilipojipima, kwa jurnali nilipata maneno 115 kwa dakika. Wenzangu wawili walikuwa karibu na hapo, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Usichukue 115 yangu kama sheria. Tafuta ya kwako.

Kuitafuta si kazi ngumu. Chukua habari ambayo umekwisha kusoma hewani, yenye maneno kama 200 hivi, isiyo na tarakimu nyingi. Hesabu maneno yake vizuri. Simama au kaa vile unakaa mbele ya mikro, fungua krono ya telefone, usome kwa sauti, na sauti ile unayotumia hewani kweli. Usisome kimoyomoyo, sababu macho yanakimbia kuliko mdomo. Soma mara tatu. Mara ya kwanza iache, maana hapo unajisikiliza na unaharibu mwendo. Chukua wastani wa mara mbili za mwisho. Kama maneno 230 yamechukua dakika mbili, mwendo wako ni 115. Pumzi na vituo vya koma vimekwisha kuingia humo, kwa hiyo usiviongeze mara ya pili.

Sasa tuone lansema yenyewe. Hii ni ya namna ambayo tunaandika kila wiki:

«Bei ya muhogo imepanda tena sokoni. Wamama wanaouza unga wanasema kwamba barabara imeharibika sababu ya mvua, na malori hayafiki. Gunia lililokuwa linauzwa franka 85.000 mwezi uliopita, leo linauzwa 112.500. Baadhi ya familia zinakula mara moja kwa siku. Mwandishi wetu alishinda sokoni na ametuletea mazungumzo haya.»

Ordinateri inahesabu hapo maneno 45. Kwa ile 180 ya mafunzo, unapata sekunde 15 barabara. Kwa mwendo wangu wa 115, unapata sekunde 23 na nusu. Tayari tofauti ni kubwa, lakini bado haijaisha. Nilipoisoma na krono, ilichukua sekunde 30. Zile sita na zaidi zimejificha wapi?

Zimejificha ndani ya tarakimu. Kwa ordinateri, 112.500 ni neno moja. Kwa mdomo ni «elfu mia moja kumi na mbili na mia tano»: maneno tisa. 85.000 ni «elfu makumi nane na tano»: maneno matano. Kwa hiyo maneno mawili ya karatasi yamekuwa 14 ya mdomo, na lansema yetu haina maneno 45, iko na 57. Sasa piga tena hesabu: 57 gawanya kwa 115, zidisha mara 60. Unapata karibu sekunde 30, sawa na krono.

Tangu siku ile mimi ninaandika tarakimu kwa maneno, vile nitazisema, na kisha ndipo ninahesabu. Kuna watangazaji ambao wanasoma tarakimu kwa kifaransa katikati ya kiswahili, na hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Ni sawa, lakini basi uziandike kwa kifaransa na uzihesabu kwa kifaransa. Vifupisho navyo vinadanganya. UNICEF inasomwa kama jina moja, haina shida. FARDC inasomwa herufi kwa herufi, herufi tano, na mimi ninaihesabu kama maneno matatu. Namba ya telefone usiiweke kabisa katika lansema. Ni tarakimu kumi, na lazima uzirudilie mara mbili kama unataka mtu azishike. Mahali pake ni mwisho wa reportaji.

Kwa wale wanaoandika kwenye kaye, hakuna lazima ya kuhesabu neno kwa neno. Hesabu mistari mitatu ya mwandiko wako, tafuta wastani, zidisha kwa mistari yote. Mimi ninaandika maneno kama nane kwa mstari. Mistari mitano ni maneno 40. Na kwa mwendo wa 115, kila sekunde inachukua maneno karibu mawili, kwa hiyo unaweza kugawanya kwa mbili tu na kuongeza sekunde moja: mistari mitano, sekunde 21. Hesabu hii mtu anaifanya amesimama mlangoni mwa studio.

Hesabu inafaa zaidi ukiigeuza. Badala ya kuandika kwanza na kuuliza ni sekunde ngapi, uliza kwanza umepewa sekunde ngapi. Kama mkubwa wa jurnali amekupa 20, basi 115 gawanya kwa 60 zidisha mara 20, ni maneno 38. Lansema yetu ya muhogo iko na 57. Lazima tukate 19, na si kwa kuondoa neno moja hapa na lingine pale, sababu utabakiza sentensi zinazochechemea. Tuandike upya:

«Gunia la muhogo lililouzwa franka elfu makumi nane na tano mwezi uliopita, leo limepita elfu mia moja na kumi. Wamama sokoni wanasema mvua imekata barabara, malori hayafiki. Mwandishi wetu amezungumza nao.»

Haya ni maneno 31, karibu sekunde 16. Zinabaki sekunde nne: moja ya kimya kidogo kabla ya sauti kuanza, ili teknisie asipande juu ya neno lako la mwisho, na zingine kwa jina la mwandishi, ambalo katika mfano sikuliandika. Tazama pia vile bei ya 112.500 imekuwa «limepita elfu mia moja na kumi». Maneno tisa yamekuwa sita, na msikilizaji anayelima huku redio iko kwenye kichwa cha mtaro anaishika vizuri zaidi. Bei kamili mama mwenye kuuza ataisema mwenyewe ndani ya reportaji.

Ile sentensi ya familia zinazokula mara moja ilinipa shida. Ukiirudisha, «familia nyingine zinakula mara moja kwa siku», ni maneno saba, unafika 38 sawasawa na hesabu inakubali. Lakini hapo jina la mwandishi halina nafasi tena, na kimya cha mwisho kimekwisha. Mimi niliitoa, sababu katika sauti ya kwanza ya reportaji mama mmoja anasema jambo hilo hilo, na katika mdomo wake ni nzito kuliko katika wangu. Kama hakuna mtu anayelisema ndani, ningeitoa sentensi ya malori.

Kuna anayesema: basi mimi nitasoma mbio. Utasikia mwenyewe mahali inaharibika. Pumzi inaisha katikati ya sentensi ya mwisho, sauti inapanda, mwisho wa maneno unamezwa, na «hayafiki» inatoka kama «yafiki», ni kusema kinyume. Kwa kiswahili ile «ha» ndogo ndiyo inabeba kukataa. Ukiimeza, umetangaza kwamba malori yanafika.

Mwendo mmoja pia hautoshi kwa kazi zote. Matangazo ya kilio ninayasoma polepole, karibu 95 kwa dakika, na ni vizuri hivyo, watu wanataka kusikia majina ya jamaa mpaka mwisho. Kwa tangazo la maneno 57 hiyo ni sekunde 36. Na kama lansema inatafsiriwa katika mashi, kihunde ao kinande, usibebe hesabu ya kiswahili kwenda nayo. Anayesoma lugha ile ahesabu maneno yake na ajipime mwendo wake.

Hesabu hii inakosea sekunde mbili ao tatu, hasa siku mtangazaji yuko na mafua ao ametoka kupanda kilima mbio. Kwa hiyo katika jurnali ya reportaji nne tunaacha sekunde kumi wazi mbele ya saa kamili. Na tangazo la mitaa, wakati wa kipindupindu, tulilitoa mwisho tukaliweka baada ya reportaji ya kwanza. Juu ya kila karatasi, kwa kalamu nyekundu, teknisie anataka kuona namba mbili tu: maneno ya mdomo, na sekunde. Kwa muhogo tuliandika 31, na chini yake 16.